Chumvi na Hewa Ndani ya Pampu

Kipimo cha kapsuli za amoksilini katika Famakopia ya Marekani, USP, kinaanza kwa maelekezo mafupi. Mpimaji apime gramu 13.6 za potasiamu dihaidrojeni fosfati, aziyeyushe katika mililita 2,000 za maji, arekebishe pH ifike 5.0 kwa mmumunyo wa potasiamu haidroksaidi, kisha achanganye sehemu 96 za bafa hiyo na sehemu 4 za asetonitrili. Mchanganyiko uchujwe. Kimiminika kinachopatikana, ambacho watu wa maabara hukiita mobail fezi, ndicho pampu ya mashine ya HPLC itakachokisukuma kwa mililita 1.5 kila dakika kupitia bomba la chuma lililojazwa chembechembe za silika, yaani kolamu. Humo amoksilini hutengana na uchafu wake, na mbele yake kigunduzi huisoma kwa mwanga wa nanomita 230.

Kazi ya namna hii hufanyika kila wiki katika maabara za kudhibiti ubora wa dawa, kama ile ya TMDA jijini Dar es Salaam au Maabara ya Taifa ya Kudhibiti Ubora wa Dawa jijini Nairobi, na katika viwanda vinavyotengeneza dawa hizo. Mgonjwa anayemeza kapsuli haoni chochote cha hayo. Lakini uamuzi kwamba toleo fulani la amoksilini liende sokoni au lirudishwe unategemea kimiminika hicho kimetayarishwaje, na kwa kiasi ambacho watu wengi wasiokaa karibu na mashine hizo hawakitarajii.

Adui wa kimiminika hicho ni wawili: hewa na chumvi. Kila mmoja ana dawa yake. Tatizo ni kwamba dawa ya mmoja ndiyo sumu ya mwingine. Hewa iliyonasa ndani ya pampu hutolewa vizuri na kimiminika cha ogani kama isopropanoli, ilhali chumvi ya fosfati ikikutana na isopropanoli au asetonitrili nyingi huganda papo hapo. Anayefahamu hilo tangu anaposhika mizani huepuka sehemu kubwa ya matengenezo ambayo baadaye hulaumiwa uchakavu wa mashine.

Tuanze kwenye meza ya kutayarishia. Maji yanayotumika si ya bomba wala ya chupa za dukani, bali yaliyosafishwa mpaka yakakaribia kutopitisha umeme kabisa. Chumvi huyeyushwa kwanza katika maji hayo, na pH hupimwa na kurekebishwa kabla asetonitrili haijatiwa. Mpangilio huo una sababu. Mita ya pH imerekebishwa kwa bafa za maji matupu, na elektrodi yake ikitiwa katika mchanganyiko wenye kimiminika cha ogani huonyesha namba ambayo haina maana ileile. Wapimaji waangalifu pia hawatumbukizi elektrodi katika chupa kubwa. Humimina kiasi kidogo pembeni, wakapima, wakakimwaga, kwa sababu elektrodi yenyewe huvujisha chumvi kidogo na hubeba mabaki ya kazi ya jana.

Kisha unakuja upimaji wa ujazo, na hapo watu wengi hukosea bila kujua. Kwa lita moja ya mobail fezi ya amoksilini, bafa mililita 960 hupimwa katika silinda yake, na asetonitrili mililita 40 katika silinda yake, ndipo viwili hivyo vichanganywe. Njia ya mkato ni kumimina bafa kwenye chupa kisha kujaza asetonitrili mpaka alama ya 1,000. Hiyo hutoa mchanganyiko tofauti, kwa sababu maji na vimiminika vya ogani vikichanganyika hupungua ujazo. Mililita 500 za maji na mililita 500 za methanoli hazifiki lita moja; hukosekana zaidi ya mililita 30. Kwa asetonitrili ya asilimia 4 pengo ni dogo, lakini amoksilini ni nyepesi kuhisi tofauti: ukiongeza asetonitrili kidogo tu, dawa hutoka mapema kwenye kolamu. USP yenyewe inamruhusu mpimaji apunguze asetonitrili ili dawa ikae zaidi ndani.

Kuchuja ni hatua inayoonekana rahisi. Kifaa chake ni faneli ya kioo iliyokaa juu ya chupa nene, katikati pakiwa na utando mwembamba wa duara wenye vitundu vya mikromita 0.45, na chini pampu ya ombwe ikivuta. Kinachozuiwa hapo ni chembe za chumvi zisizoyeyuka, nyuzi za karatasi, vumbi na bakteria. Vyote hivyo vingekwama kwenye kichujio kidogo cha chuma kilicho mdomoni mwa kolamu, ambacho vitundu vyake mara nyingi ni vya mikromita 2 hivi, na presha ingepanda siku hadi siku.

Utando nao una tabia zake. Ule wa nailoni huvumilia bafa na huvumilia asetonitrili. Wa selulosi asetati unafaa kwa maji, lakini ukimiminiwa asetonitrili tupu hulainika na kuyeyuka, na hapo mpimaji anakuwa ameongeza plastiki kwenye kile alichotaka kukisafisha. Wa tefloni wa kawaida hufaa kwa vimiminika vya ogani. Bafa huukalia juu bila kupita mpaka kwanza uloweshwe kwa methanoli. Asetonitrili ya daraja la HPLC, kwa upande wake, huja kutoka kiwandani ikiwa imeshachujwa, na kuipitisha tena peke yake katika faneli ya maabara kuna uwezekano mkubwa wa kuichafua kuliko kuisafisha. Chembe ziko kwenye chumvi na maji. Ikiwa mchanganyiko mzima ndio unaochujwa, kama USP inavyotaka, ombwe lizimwe mara tone la mwisho linapopita, kwa sababu likiendelea kuvuta hupunguza asetonitrili, na ile 4 iliyopimwa kwa uangalifu si 4 tena.

Sasa hewa. Maji yaliyokaa wazi mezani yana oksijeni na nitrojeni ndani yake ambazo jicho haliwezi kuziona. Kwa nyuzi joto 25, kila lita hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni peke yake. Asetonitrili na methanoli hubeba hewa nyingi zaidi kuliko maji. Ajabu inatokea vinapochanganywa: mchanganyiko hauwezi kushika hewa yote iliyokuwa katika maji pamoja na ile iliyokuwa katika kimiminika cha ogani. Ziada lazima itoke, na hutoka kama viputo. Viwili hivyo vikikutana chupani, viputo hupaa juu na kuisha. Vikikutana ndani ya mashine, kama inavyofanyika pale bafa inapotoka chupa moja na asetonitrili chupa nyingine, viputo huzaliwa ndani ya mirija.

Kuna jambo jingine la asetonitrili linalowapotosha wengi. Ikichanganywa na maji kwa wingi, mchanganyiko hupoa, mpaka chupa hutoa jasho kwa nje. Kimiminika baridi hushika hewa zaidi. Mpimaji akikiweka kwenye mashine kikiwa bado baridi, katika chumba chenye joto la pwani kitajipasha polepole na kuachia hewa hiyo mchana kutwa. Methanoli ni kinyume chake, huchemsha mchanganyiko. Katika hali zote mbili inafaa kusubiri chupa irudi kwenye joto la chumba kabla ya kuiunganisha.

Kwa nini kiputo kidogo kiwe na madhara makubwa? Pampu ya HPLC ni plunja nyembamba, mara nyingi ya yakuti samawi, inayoingia na kutoka katika chumba kidogo. Mlango wa kuingilia na wa kutokea una vali: kigololi cha yakuti nyekundu kimekalia kiti cha yakuti samawi. Hakuna chemchemi ya nguvu inayokisukuma. Presha ya kimiminika ndiyo inayokiinua na kukikalisha. Kimiminika hakibonyei kirahisi, hewa hubonyea. Kwa hiyo plunja ikisukuma chumba chenye kiputo, sehemu ya mwendo wake huishia kukibana kiputo, kama breki ya gari iliyoingia hewa inavyozama mguuni bila kukamata. Plunja ikirudi nyuma, kiputo hutanuka tena na kuchukua nafasi ambayo mobail fezi mpya ingeingia.

Hesabu yake inatisha kidogo. Chukua pampu ambayo kila mpigo husukuma maikrolita 100. Kwa mililita 1.5 kwa dakika hupiga mara 15. Kiputo cha maikrolita 20 kikikaa ndani, kila mpigo hupoteza karibu sehemu moja ya tano. Skrini bado inasema 1.5, lakini kinachopita kwenye kolamu ni kama 1.2. Kilele cha dawa kilichokuwa kikitoka dakika ya 6 sasa kitatoka dakika ya 7 na nusu. Na kwa kuwa kimiminika kinapita polepole mbele ya kigunduzi, eneo la kilele hukua kwa robo nzima.

USP inakubali kapsuli za amoksilini zenye asilimia 90 hadi 120 ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Tuseme kiputo kimeingia baada ya mpimaji kumaliza kudunga sampuli za kulinganishia, na kabla ya kudunga sampuli za dawa. Kapsuli zenye asilimia 100 kamili zitasomeka 125, na toleo zuri litashindwa. Kapsuli zilizopungukiwa, zenye asilimia 80, zitasomeka 100. Hizo zingefika hospitali zikiwa na cheti. Kinachomwokoa mpimaji ni saa: kilele kilichochelewa kwa dakika moja na nusu hakiwezi kuwa sahihi hata eneo lake likipendeza namna gani, na ndiyo maana sampuli ya kulinganishia hudungwa tena katikati na mwisho wa kazi.

Dalili za hewa kwenye pampu zinafahamika. Mstari wa presha, ambao ungetulia kwenye namba moja na kucheza kwa bar chache tu, huanza kuruka juu na chini kwa mpigo wa plunja, au hushuka ghafla karibu na sifuri. Hewa ikipita salama kwenye pampu huweza kuibukia mbele, kwenye kigunduzi, kwa sababu hapo presha iliyokuwa imeibana imekwisha. Humo hutoa michomo mirefu myembamba kama sindano, isiyofanana na kilele cha dawa yoyote.

Kuitoa hewa kabla haijaingia kuna njia kadhaa, na hazina nguvu sawa. Kuweka chupa kwenye sonikata peke yake, jambo linalofanyika sana kwa sababu sonikata iko kila maabara, huondoa sehemu ndogo tu. Sonikata pamoja na ombwe ni afadhali. Kupuliza heliamu taratibu ndani ya chupa ndiyo njia kali kuliko zote, huondoa kama asilimia 80 ya hewa, na haihitaji kuendelea mchana kutwa: heliamu yenye ujazo sawa na wa kimiminika inatosha. Lakini gesi hiyo ni ghali. Mashine nyingi za siku hizi zina kifaa cha ndani cha kutolea hewa, ambamo mobail fezi hupita katika mrija wa plastiki ya jamii ya tefloni uliozungukwa na ombwe. Hewa hupenya ukuta wa mrija, kimiminika hubaki. Kifaa hicho kinatosha kwa kazi nyingi, mradi chupa haikuunganishwa ikiwa baridi wala kichujio kilichozama chupani hakijaziba. Kichujio kikiziba, pampu hunyonya kwa shida na hewa hutoka kwenye kimiminika kilekile kilichokwisha kusafishwa. Njia ya kujua ni kuchomoa kichujio kwenye mrija kisha kuona kama mtiririko unarudi.

Hewa ikishaingia, mpimaji hufungua vali ya kumwagia, akaongeza mwendo wa pampu mpaka mililita 5 kwa dakika, akasubiri. Isipotoka, wengi hubadili kwenda isopropanoli, inayolowesha kuta na kubeba viputo vilivyong'ang'ania. Na hapa ndipo adui wa pili anapopata nafasi.

Kila mililita ya mobail fezi ya amoksilini ina takriban miligramu 6.5 za fosfati. Mirija, kichanganyio na kolamu vikishika pamoja mililita 5, ndani ya mashine kuna zaidi ya miligramu 30 za chumvi. Ikiwa imeyeyuka, haina tatizo. Lakini chumvi hiyo huishi ndani ya maji tu. Bafa ya fosfati ya potasiamu yenye nguvu hii huanza kuachia chumvi asetonitrili inapokaribia asilimia 70 au zaidi, na ikikutana na asetonitrili au isopropanoli tupu huwa unga mweupe kwa dakika chache. Mtu mwenye haraka Ijumaa jioni, anayetaka kuiacha kolamu katika asetonitrili kama alivyofundishwa, akibonyeza tu kitufe cha chupa B asilimia 100, anaigandisha chumvi kila mahali kwa mpigo mmoja: kwenye vali, kwenye kichanganyio, kwenye mdomo wa kolamu. Presha iliyokuwa bar 120 hupanda mpaka kikomo na mashine hujizima.

Njia sahihi inachukua nusu saa tu. Kwanza mobail fezi hubadilishwa kwa maji yenye asetonitrili kiasi kilekile, asilimia 4 au 5, bila chumvi. Kolamu ya urefu wa sentimita 25 na upana wa milimita 4 hushika takriban mililita 2 za kimiminika; dakika 30 kwa mililita 1.5 huipitishia mililita 45, zaidi ya mara ishirini ya ujazo wake. Ndipo asetonitrili ipandishwe. Mpangilio huohuo hufuatwa kabla ya kutumia isopropanoli kufukuza hewa: maji kwanza, hata kama pampu inagugumia, kisha ndiyo isopropanoli. Na wakati wa kurudi kwenye bafa, njia ni ileile kinyumenyume.

Chumvi ikishaganda, kosa la pili ni kuongeza nguvu. Inayohitajika ni subira. Kolamu hufunguliwa itoke nje, maji ya vuguvugu hupitishwa polepole, mililita 0.2 kwa dakika, na mrija wa kutokea huelekezwa kwenye bika badala ya kigunduzi ili fuwele zisiingie kwenye kioo chake. Kujua ilipoziba ni kufungua kiungo kimoja baada ya kingine kuanzia mwisho kurudi nyuma; pale presha inaposhuka ghafla, kizuizi kipo kwenye kipande kilichotolewa punde.

Kwenye mashine zinazochanganya zenyewe, hata upande wa kuunganisha mirija una maana. Miongozo ya baadhi ya watengenezaji huagiza bafa iunganishwe tundu la chini la vali ya kuchanganyia na kimiminika cha ogani tundu la juu, kwa sababu chembe za chumvi zikijitokeza huzama. Zikiwa chini hubaki upande wenye maji na kuyeyuka tena. Zikitoka juu huangukia kwenye ogani na kukaa.

Chumvi ina njia nyingine ya kuumiza, isiyopiga kelele. Plunja inapotoka na kuingia, hubeba utando mwembamba wa bafa unaovuka sili. Nyuma ya sili kuna hewa; maji hukauka, fuwele hubaki. Plunja inaporudi hupitisha fuwele hizo kwenye sili laini kama msasa. Ukoko mweupe nyuma ya kichwa cha pampu ndiyo dalili, na tone linaloonekana chini yake ni ishara kwamba sili imeshachanika. Kwa hiyo pampu nyingi zina njia ya kuosha nyuma ya sili, kwa maji yenye isopropanoli asilimia 10, kiasi kidogo kisichogandisha chumvi lakini kinachozuia bakteria wasiote.

Bakteria nao wasisahaulike. Fosfati ya pH 5 katika maji asilimia 96, kwenye chumba chenye joto, ni chakula. Utelezi huota kwenye kichujio cha chupani na kuta za mirija. Lebo yenye tarehe ya kutayarishwa ni ya lazima, na chupa iliyobaki robo haijazwi juu kwa bafa mpya. Hutupwa, huoshwa, ikaanza upya.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kama inavyotokea katika miji yetu, mambo yote haya hukutana kwa wakati mmoja. Pampu husimama ikiwa na bafa. Ndani ya saa chache nyuma ya sili hukauka, na kimiminika kwenye chupa iliyokaa wazi hunywa hewa tena. Ukirudi, pampu haiwashwi kwa mililita 1.5 moja kwa moja. Kwanza nyuma ya sili huoshwa, vali ya kumwagia hufunguliwa, maji yenye asetonitrili kidogo hupitishwa taratibu mpaka mstari wa presha utulie. Ndipo kolamu iunganishwe, bafa irudishwe, na sampuli ya kulinganishia idungwe tena tangu mwanzo. Zile zilizodungwa kabla ya umeme kukatika hazitumiki kuhesabia kapsuli zilizodungwa baada yake.